Matundu ya Mkate Yanatoka Wapi

Lipime kwenye mizani donge la unga wa mkate mara tu unapomaliza kulikanda, kisha lipime tena baada ya saa moja na nusu, likiwa limeumuka na kujaa bakuli. Uzito haujaongezeka hata gramu moja. Mizani ikiwa nyeti, utaona hata umepungua kidogo. Donge limekuwa kubwa mara mbili, lakini hakuna kitu kilichoingia ndani yake kutoka nje. Sehemu ndogo ya sukari iliyokuwa humo imegeuzwa hewa, na hewa hiyo imenaswa isitoke.

Kuumuka, basi, ni kazi mbili: kutengeneza hewa na kuinasa. Ya kwanza hufanywa na hamira. Ya pili hamira haiihusu hata kidogo, nayo ndiyo inayoharibu mikate mingi huku hamira ikibebeshwa lawama.

Tuchukue mkate mmoja wa kawaida wa nyumbani, ule wa bati la mstatili, tuufuate tangu kwenye beseni hadi kwenye oveni. Unga wa ngano gramu 500, maji gramu 320, chumvi gramu 9, sukari gramu 5 ambayo ni kijiko kidogo cha chai kilichojaa, na hamira kavu gramu 5. Ukikandwa, donge lake huchukua nafasi ya kama robo tatu ya lita.

Zile gramu 5 za hamira zinaonekana kama chengachenga zilizokauka, lakini ni viumbe hai. Hamira ni kuvu, wa ukoo mmoja na uyoga, ila kila kiumbe kina chembe moja tu. Chembe hiyo ni ndogo kiasi kwamba ukizipanga mstari, chembe 100 hadi 200 zitaenea katika milimita moja. Kiwandani hulishwa molasi, yaani ule uji mweusi unaobaki baada ya kutengeneza sukari, huku zikipulizwa hewa kwa wingi. Zikishaongezeka hukamuliwa maji na kukaushwa polepole zisife. Ndani ya kijiko chako zimo makumi ya mabilioni, zimelala, zinasubiri maji.

Zikipata maji huamka na kutafuta sukari. Ile sukari ya mezani haziwezi kuimeza ilivyo, kwa sababu kila punje yake ni sukari mbili ndogo zilizoshikana, glukosi na fruktosi. Hamira ina kimeng'enya kilichokaa kwenye ukuta wake wa nje, ambacho huzikata sukari hizo mbili zikaachana. Kazi hiyo huisha ndani ya dakika chache, wakati wewe bado unakanda. Glukosi na fruktosi huingia ndani ya chembe, na humo hupitia mfululizo wa hatua zaidi ya kumi, kila hatua ikisimamiwa na kimeng'enya chake, mpaka mwisho unakuwa huu:

C6H12O6 → 2 C2H5OH + 2 CO2

Sukari moja imekuwa alkoholi mbili na hewa ya ukaa mbili. Katikati ya safari hiyo hamira hujipatia nguvu kidogo ya kuishi, na hicho ndicho inachokitaka. Alkoholi na hewa ya ukaa kwake ni taka, huzitupa nje. Mwokaji anaishi kwa taka hizo.

Je, kijiko kimoja cha sukari kinaweza kutoa hewa kiasi gani? Wengi wakiulizwa husema kidogo tu. Hesabu ya kemia ni nyepesi: gramu 5 za sukari ya mezani, zikigeuzwa zote katika joto la nyuzi 30, hutoa karibu lita moja na nusu ya hewa ya ukaa. Yaani chupa nzima ya maji ya kunywa, ile kubwa, imejaa hewa iliyotoka kwenye kijiko cha chai. Donge letu linahitaji robo tatu ya lita tu ili liwe maradufu. Kwa hiyo sukari kidogo inatosha kabisa, na kumwaga vijiko vinne au vitano kwa nia ya kuisaidia hamira ni kutafuta utamu, si kuumua.

Na hata usipotia sukari kabisa, mkate utaumuka. Unga wa ngano una sukari yake ya asili, asilimia moja au mbili hivi. Zaidi ya hapo, mashine za kusaga hujeruhi baadhi ya punje za wanga, na punje zilizojeruhiwa hunyonya maji upesi. Vimeng'enya vilivyomo kwenye ngano yenyewe, ambavyo kazi yake shambani ni kumlisha mche unaochipua, huanza kuukatakata wanga huo uwe sukari iitwayo maltosi. Hamira huila maltosi pia, ila huiweka mwisho. Kwanza humaliza glukosi na fruktosi, kisha hulazimika kujiandaa upya kwa chakula kingine. Katika unga usiotiwa sukari, kuna wakati donge linaonekana limetua, kama limechoka, halafu linaendelea. Mwokaji asiyelijua jambo hilo huongeza hamira bure.

Kuna imani moja nayo inafaa kusahihishwa hapa, kwamba donge linakua kwa sababu hamira inazaana humo ndani. Kuzaana ipo. Chembe huchipuza kichembe ubavuni, kichembe kikakua na kujitenga. Lakini hata ikipata kila kitu inachotaka, chembe moja huhitaji kama saa moja na nusu kuzaa nyingine, na ndani ya donge mambo si mazuri kiasi hicho, kwa sababu oksijeni iliyoingia wakati wa kukanda huliwa yote ndani ya dakika chache tu. Ukitumia hamira kwa vipimo vya kawaida na kuoka baada ya saa mbili tatu, idadi ya chembe haibadiliki sana. Zile ulizotia ndizo zinazofanya kazi. Anayetia hamira kidogo mno na kuliacha donge usiku kucha, huyo ndiye anayezipa nafasi ya kuongezeka.

Kwamba kuchacha ni kazi ya kiumbe hai halikukubaliwa kirahisi. Mwaka 1837 watu watatu, Theodor Schwann na Friedrich Kützing huko Ujerumani na Charles Cagniard de la Tour huko Ufaransa, kila mmoja kwa njia yake, waliitazama hamira kwa hadubini na kusema kwamba ni hai. Wanakemia wakubwa wa wakati huo waliwacheka. Mwaka 1839 Justus von Liebig na mwenzake Friedrich Wöhler walichapisha makala ya kejeli yenye kumchora mdudu wa hamira anayekula sukari mdomoni, akitoa alkoholi nyuma na hewa ya ukaa mbele, na kibofu chake kina umbo la chupa ya shampeni. Ukiondoa matusi, walikuwa karibu na ukweli kuliko walivyodhani.

Louis Pasteur, kwa kazi zake za miaka ya 1850 na 1860, alishinda hoja hiyo kwa upande wa uhai: hakuna kuchacha bila chembe hai, alisema, na chembe hizo zinaweza kuishi bila hewa. Kisha mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner akaipindua nusu ya ushindi huo. Alisaga hamira pamoja na mchanga mpaka chembe zikapasuka, akakamua maji yake. Hakuwa akitafuta habari ya kuchacha. Maji hayo yalitakiwa kwa majaribio ya tiba, akatia sukari ili yasiharibike, kama watu watiavyo sukari kwenye matunda ya kuhifadhi. Maji yakaanza kutoa mapovu. Hamna chembe hai hata moja, na bado sukari inageuka alkoholi na hewa. Kumbe kazi inafanywa na vimeng'enya, na chembe ni karakana tu ya kuvitengenezea na kuvihifadhi. Kwa ugunduzi huo Buchner alipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1907.

Sasa tuje kwenye matundu yenyewe, kwani hapa ndipo kuna jambo ambalo hata waokaji wazoefu hulishangaa. Ukikata slesi ya mkate unaona matundu maelfu kwa maelfu, na akili inakwambia kila tundu limetobolewa na hewa ya hamira. Sivyo. Hamira haiwezi kutengeneza tundu jipya hata moja.

Mwaka 1941 watafiti wawili wa Marekani, J. C. Baker na M. D. Mize, walikanda unga ndani ya chombo kilichonyonywa hewa. Hamira ilikuwemo, sukari ilikuwemo, hewa ya ukaa ikatengenezwa kama kawaida. Lakini mkate haukupata yale matundu mengi madogo. Kilichokosekana ni hewa ya kawaida, hii tunayoivuta, ambayo huingizwa kwenye unga kila unapoukunja na kuusukuma kwa kiganja. Kila mkunjo hufungia ndani hewa kidogo. Mikunjo mingine huzikatakata hewa hizo, mpaka donge linajaa viputo vidogo visivyoonekana kwa jicho. Viputo hivyo ndivyo mbegu za matundu yote utakayoyaona baadaye.

Kwa nini hewa ya ukaa isijitobolee yenyewe? Kwa sababu kiputo kinavyokuwa kidogo ndivyo ukuta wake unavyokibana zaidi. Kiputo kinachotaka kuanza kutoka sifuri hubanwa kwa nguvu kubwa kiasi kwamba hufa kabla ya kuzaliwa. Hewa ya ukaa inayotupwa na hamira kwanza huyeyuka kwenye maji ya donge. Maji yakishiba, hewa hiyo hutafuta mahali rahisi pa kwenda, na mahali hapo ni kiputo ambacho tayari kipo. Oksijeni ya kiputo imeshaliwa na hamira, imebaki naitrojeni ambayo haiyeyuki kwa urahisi, hivyo kiputo hakifi. Kinangoja. Hewa ya ukaa inaingia, nacho kinavimba.

Ndiyo sababu donge hukaa kimya dakika 15 au 20 za mwanzo. Hamira haijalala wakati huo. Inatengeneza hewa, lakini hewa yote inamezwa na maji kwanza. Na ndiyo sababu mafundi hulipiga donge literemke baada ya kuumuka mara ya kwanza, jambo linaloonekana kama kuharibu kazi. Hewa iliyokusanyika hupotea, kweli, lakini sukari bado ipo na hamira itatoa nyingine. Unachokipata ni viputo vikubwa kugawanyika kuwa vidogo vingi, hamira kusogezwa kwenye chakula kipya, na joto la donge kuwa sawa kila mahali. Mkate ulioumuliwa mara mbili una tishu laini na matundu yanayolingana, na ulioumuliwa mara moja tu mara nyingi una mapango.

Viputo pekee havitoshi bila ukuta wa kuvishika. Hapa ngano haina mshindani. Unga wake una protini za aina mbili, glutenini inayotoa ukinzani na gliadini inayotoa mnyumbuko, nazo zikikutana na maji na kukandwa huungana kuwa gluteni. Ni sawa na bigijii iliyotafunwa vizuri: unaipuliza, inakuwa ngozi nyembamba, haipasuki upesi. Kata kipande cha donge chenye ukubwa wa ndimu, kivute taratibu kwa vidole pande zote. Kikifika mahali unaweza kuona mwanga wa dirisha kupitia ngozi yake kabla hakijatoboka, kukanda kumetosha. Kikikatika kikiwa bado kinene, rudi kwenye beseni. Kwa mkono huchukua dakika 10 hadi 15, na wanaoacha baada ya dakika tano ndio wanaonunua hamira ya kampuni nyingine wiki inayofuata.

Unga wa mahindi, wa muhogo, wa mtama na wa mchele hauna gluteni. Tia hamira uipendayo, hewa itatengenezwa na kuponyoka. Lakini pwani yetu ina jibu la zamani kwa tatizo hilo, nalo ni mkate wa kumimina. Mchele uliolowekwa husagwa na tui la nazi mpaka uwe rojo zito, ukatiwa hamira, sukari na iliki. Rojo likiwa na uzito unaostahili, viputo hupanda polepole sana, na kwa muda fulani hubaki mlemle kwa sababu tu ya uzito wa rojo. Ujanja uko kwenye muda. Likishajaa mapovu na kunyanyuka, linamiminwa kwenye sufuria yenye mafuta ya moto na kupata joto juu na chini kabla viputo havijatoroka. Ukichelewa, rojo lenyewe hushuka, na hakuna kukanda kutakakolirudisha. Mpishi mzoefu hulichungulia mara kwa mara, haendi sokoni.

Baada ya gluteni, mwenye kauli kubwa ni joto. Hamira hufanya kazi taratibu kwenye nyuzi 20, karibu mara mbili ya hapo kwenye nyuzi 30, na kasi yake ya juu iko kwenye nyuzi 35 hadi 38. Kuanzia 40 na kitu inataabika, na kati ya 55 na 60 inakufa. Kwa haraka haraka mtu angedhani 35 ndiyo nzuri, lakini ladha haipatikani kwa kasi. Mbali na alkoholi, hamira hutoa kwa kiasi kidogo sana vitu vingine vingi vyenye harufu, na bakteria waliomo kwenye unga huongeza uchachu mwepesi. Vyote hivyo vinahitaji muda. Mkate ulioharakishwa unavimba vizuri na hauna ladha ya kitu. Waokaji wengi hulenga donge lenye nyuzi 26 hivi.

Na hapa mapishi yaliyonakiliwa kutoka nchi za baridi yanatupoteza. Yanasema tumia maji ya uvuguvugu, weka mahali pa joto. Mwenye kuoka Tanga mwezi wa Februari, unga wake una nyuzi 30 na jiko lake 30, akitia na maji ya uvuguvugu anapata donge linaloumuka kwa nusu saa na kuchacha mpaka kunuka pombe. Hesabu ya waokaji ni hii: zidisha joto unalolitaka kwa tatu, kisha toa joto la unga na joto la chumba, kinachobaki ni joto la maji. Kwa Tanga, 26 mara tatu ni 78, toa 30, toa 30, unabaki na 18. Maji ya mtungi yaliyopoa, au ya bomba yaliyochanganywa na ya friji. Kwa Njombe mwezi wa Juni, unga ukiwa na nyuzi 18 na chumba 18, jibu ni 42, na hapo kweli maji ya moto kiasi yanahitajika. Anayetumia mashine ya kukandia apunguze nyuzi chache tena, maana msuguano wa mashine huongeza joto.

Tahadhari moja kuhusu maji ya baridi. Hamira kavu ya punje, ile inayotakiwa kulowekwa kwanza, haipendi kuamshwa na ubaridi. Kuta zake zilizokauka huvujisha vitu vya ndani kabla hazijajirekebisha, na kimojawapo cha vitu hivyo hulegeza gluteni, ukapata donge lenye kunata na kutepeta. Iamshe kwenye maji kidogo ya nyuzi 38 hadi 43, yale ambayo kidole kinahisi vuguvugu bila kuungua, kisha maji mengine yote yawe ya baridi. Hamira ya unga laini, ile ya papo kwa papo, huchanganywa moja kwa moja na unga mkavu na haina masharti hayo.

Chumvi na sukari nazo huigusa hamira kwa njia moja: zote huvuta maji. Gramu 9 za chumvi kwa nusu kilo ya unga hupunguza kasi kidogo, na hilo ni jema, kwani huzuia donge lisikimbie na huipa gluteni nguvu. Ila usiimwage juu ya hamira iliyolowa. Sukari nayo ikizidi asilimia kumi ya unga huanza kuwa mzigo. Mahamri yanayotiwa gramu 100 za sukari kwa nusu kilo yamefika asilimia 20, na chembe za hamira humo zinanyonywa maji na utamu uleule zinaoutaka kula. Hayaumuki kwa saa moja, na hayakosei. Mwenye kuyaandaa ama huongeza hamira, ama huyakanda jioni na kuyakaanga alfajiri, na hii njia ya pili ndiyo yenye ladha.

Utajuaje donge lipo tayari? Saa ya ukutani ni shahidi dhaifu. Bonyeza donge kwa kidole kilichopakwa unga, kina cha pingili moja. Shimo likirudi mara moja, gluteni bado ina mvuto mkubwa na hewa haijatosha. Likirudi taratibu na kuacha alama, wakati umefika. Likibaki lilivyo, au donge zima likishuka kwa pumzi moja, umechelewa: kuta za viputo zimevutwa mpaka mwisho. Mkate wenyewe ukishaokwa nao hutoa ushahidi. Uliowahishwa ni mzito, umebanana chini, na mara nyingi umepasuka ubavuni, kwa sababu hewa ya mwisho ilitafuta njia ya kutokea wakati ganda limeshakauka. Uliocheleweshwa umebonyea juu, una harufu ya uchachu, na ganda lake limepauka hata ukiongeza moto, kwa kuwa sukari ambayo ingeupa rangi imekwisha kuliwa.

Hamira yenyewe ikishukiwa, ihukumu kabla ya kuchafua unga. Nusu kikombe cha maji vuguvugu, kijiko cha sukari, kijiko cha hamira, dakika 10. Ikipanda povu zito lenye harufu ya mkate, ni nzima. Ikikaa chini kama mchanga, itupe. Pakiti iliyofunguliwa na kuachwa kabatini kwenye unyevu wa pwani haidumu. Ifunge kwenye chupa kavu, uiweke kwenye friji.

Kisha donge linaingia kwenye oveni ya nyuzi 220, na katika dakika kama 10 za mwanzo hupanda ghafla kuliko lilivyopanda kwa nusu saa nzima kabla yake. Hamira ina mchango hapo, kwani joto linapopita kwenye nyuzi 35 inafanya kazi kwa kasi yake yote, lakini mchango huo ni wa muda mfupi kisha inakufa. Kubwa zaidi ni fizikia tupu. Hewa ya ukaa iliyoyeyuka kwenye maji hufukuzwa na joto na kuingia kwenye viputo. Alkoholi nayo hugeuka mvuke na kuvivimbisha. Mvuke wa maji hufuata. Na hewa yote iliyomo, kwa kupashwa tu kutoka nyuzi 30 hadi 95, hutanuka kwa karibu moja ya tano. Kwa hiyo ile alkoholi iliyoonekana taka nayo imeunyanyua mkate, na sehemu yake kubwa imetokea kwenye bomba la oveni. Ndiyo sehemu ya ile harufu inayomsimamisha mpita njia nje ya duka la mikate.

Wakati huohuo kuta zinabadilika. Kuanzia nyuzi 60 na kitu wanga hunyonya maji na kuvimba, kama sima inavyoshika sufuriani. Kati ya 70 na 80 gluteni hukaza. Kuta za viputo, ambazo mpaka hapo kila moja ilikuwa imefungwa peke yake, hutoboka zikapitiana, na donge lenye viputo linakuwa sifongo lenye vijia. Kutoboka huko ni lazima. Viputo vingebaki vimefungwa, mkate ungesinyaa mara tu unapopoa na hewa ndani yake kujikunja. Mkate unaotolewa mapema, kabla ya ndani kufika nyuzi 93 au zaidi, hufanya hivyohivyo: unatoka umesimama, baada ya robo saa umeingia kiuno.

Hata uliokamilika haujamaliza shughuli. Wanga bado ni laini na mvuke bado unatoka katikati kuelekea kwenye ganda. Ukikatwa wakati huo, kisu huzikandamiza kuta ambazo hazijakaza na slesi hutoka zimeshikana kama zilizolowa. Utoe kwenye bati usije ukatoa jasho chini, uweke juu ya waya, na uuache saa moja. Baada ya hapo ukatwe.